Gharama ya Mtaji: Uzito Upimwe kwa Bei ya Soko

Kampuni huendeshwa kwa fedha za makundi mawili. Wakopeshaji, yaani mabenki na wanunuzi wa hatifungani, hudai riba iliyoandikwa kwenye mkataba. Wanahisa hawana mkataba wa malipo, lakini wanatarajia faida inayolingana na hatari waliyoibeba, na wasipoipata huuza hisa zao. Gharama ya wastani wa mtaji ni faida ya chini kabisa ambayo kampuni lazima ipate ili makundi yote mawili yaridhike. Hukokotolewa hivi:

```
WACC = (E/V × Re) + (D/V × Rd × (1 − T))
```

Hapa E ni thamani ya hisa zote, D ni thamani ya deni, na V ni jumla ya viwili hivyo. Re ni gharama ya mtaji wa hisa, Rd ni kiwango cha riba, na T ni kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayosindika nafaka. Ina hisa milioni 50, na kila moja inauzwa sokoni kwa shilingi 1,200, hivyo thamani ya hisa zake ni shilingi bilioni 60. Inadaiwa bilioni 40 kwa riba ya asilimia 15. Mtaji wote ni bilioni 100: asilimia 60 ni hisa, 40 ni deni.

Riba hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, ilhali gawio halitolewi. Kwa kiwango cha kawaida cha kodi cha asilimia 30, kinachotumika Tanzania na Kenya, deni la asilimia 15 huigharimu kampuni asilimia 10.5 tu. Nafuu hiyo ipo pale kampuni inapopata faida ya kutosha kutozwa kodi. Inayopata hasara haina kodi ya kupunguza mwaka huo, na deni lake hubaki na gharama yake kamili.

Gharama ya hisa haiandikwi popote, kwa hiyo hukadiriwa. Njia inayofundishwa zaidi, iliyochapishwa na William Sharpe mwaka 1964, huanza na faida ya hatifungani za serikali, kisha huongeza malipo ya hatari. Ikiwa hatifungani zinalipa asilimia 12, wawekezaji wanadai asilimia 5 zaidi kwa kushika hisa za soko zima, na beta ya kampuni ni 1.2, gharama ni 12 + (1.2 × 5), yaani asilimia 18. Beta hupima jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko. Katika soko la hisa ambalo baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila kuuzwa, bei isiyosogea huifanya beta ionekane ndogo kuliko hatari halisi. Makini zaidi yahitajike hapo, na mara nyingi wachambuzi huazima beta za kampuni zinazofanana kutoka masoko yenye biashara kubwa.

Sasa wastani: 0.6 × 18 ni 10.8, na 0.4 × 10.5 ni 4.2. Jumla ni asilimia 15.

Kosa linaloleta hasara kubwa ni kuchukua uzito kutoka kwenye mizania. Tuseme vitabu vya kampuni hiyo vinaonyesha mtaji wa wanahisa wa bilioni 20 tu, kwa kuwa hisa ziliuzwa zamani kwa shilingi 400. Kwa hesabu hiyo hisa huwa theluthi moja, deni theluthi mbili, na wastani hushuka hadi asilimia 13. Lakini anayenunua hisa leo analipa 1,200, na faida anayoitaka ni juu ya fedha hiyo.

Kampuni inafikiria kujenga kinu kipya cha bilioni 10 kitakachoingiza bilioni 1.4 kila mwaka bila kikomo, baada ya kodi. Kwa asilimia 13, thamani ya kinu ni takriban bilioni 10.8, na kinaonekana kufaa. Kwa asilimia 15, thamani ni takriban bilioni 9.3: wanahisa wanapoteza karibu milioni 670 siku ujenzi unapoidhinishwa, ingawa kinu kitaonyesha faida vitabuni kila mwaka.

Meneja anaweza kujitetea kuwa kinu kitajengwa kwa mkopo mtupu wa asilimia 10.5, hivyo faida ya asilimia 14 inatosha. Utetezi huo hausimami. Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba deni linapoongezeka, hatari ya wanahisa huongezeka pia, nao hudai faida kubwa zaidi. Mkopo wa leo hula uwezo wa kukopa kesho.

Asilimia 15 hiyo nayo ni ya usindikaji wa nafaka wenye hatari ya kawaida ya kampuni hii. Ikitaka kuingia kwenye uchimbaji wa madini, lazima ikadirie upya beta, riba na uwiano wa deni wa biashara hiyo.