Ukidai mzigo Tanzania, anza na salamu

Mfanyabiashara wa Nairobi anayenunua vitunguu Mang'ola, Karatu, hupenda ujumbe mfupi. Mzigo ukipungua, huandika hivi: "Mmeleta magunia 180, si 200. Mmekosea. Nataka 20 yaliyobaki kabla ya Ijumaa au mnirudishie pesa."

Kwa Nairobi hiyo ni kazi tu, hakuna ugomvi. Ila mkulima wa Mang'ola akiusoma anaona ametukanwa. Hakusalimiwa, ameitwa mkosaji, na ameamrishwa na mtu anayefanya naye biashara. Hatajibu kwa hasira. Atanyamaza, na simu ataipokea kesho kutwa.

Ujumbe uleule ungeweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee, poleni na shamba. Mzigo wa Jumatatu umefika salama, tunashukuru. Tulipohesabu tumepata magunia 180, na hati inaonyesha 200. Huenda 20 yalisalia wakati wa kupakia. Naomba mtuangalizie. Yakipatikana, tunaomba yatufikie kabla ya Ijumaa, maana wateja wameshalipia. Yakikosekana, basi turudishiane fedha ya hayo 20."

Shikamoo ni ya mkubwa. Kwa rika lako "habari za kazi" inatosha. Baada ya salamu, kosa halina tena mwenyewe: badala ya "mmekosea", magunia "yalisalia". Mzee amepewa njia ya kurekebisha bila kuaibika mbele ya vijana wake. "Nataka" imekuwa "naomba", na tishio la pesa limekuwa mapatano ya pande mbili. Sababu ya haraka nayo imetajwa, kwa hiyo Ijumaa haionekani kuwa amri ya bosi.

Angalia kisichoguswa: 180, 200, 20, Ijumaa na fedha. Hapo ndipo wengi hukosea wanapojifunza upole. Huandika "tumeona kama kuna upungufu kidogo, mtatufikiria", na mzee anaelewa kwamba hakuna anachodaiwa. Kabla ya kutuma, mpe mwenzako asiyejua habari hiyo asome, kisha umuulize: wanaomba nini, kiasi gani, lini? Akishindwa kujibu hata moja, umelainisha kupita kiasi.

Jibu nalo lina namna yake ya kusomwa. "Tutajitahidi" si ahadi, na "tutaangalia" mara nyingi ni hapana iliyovishwa nguo nzuri. Usiulize "mtaleta kweli?", kwa kuwa atasema ndiyo ili asikukatishe tamaa. Uliza jambo linalohitaji jibu mahususi: "Naomba namba ya gari na jina la dereva, tumpokee Namanga." Aliyepakia atakutumia palepale. Asiyepakia atakuletea habari za mvua na barabara, nawe utajua kwamba umefika wakati wa kuzungumzia fedha.