Kwa nini tovuti yenye wateja wachache inakwama

Chukua tovuti ndogo ya kukata tiketi za basi, iliyoandikwa kwa Python na maktaba ya SQLAlchemy, data zake zikiwa kwenye PostgreSQL. Mkesha wa sikukuu, kila sekunde wateja wawili wanabonyeza kitufe cha kulipa. Si umati huo. Lakini baada ya dakika mbili hivi kurasa zinagoma kufunguka, na kumbukumbu za seva zinajaa mstari huu:

```
QueuePool limit of size 5 overflow 10 reached, connection timed out, timeout 30.00
```

Kila muunganisho mpya huilazimu PostgreSQL kuanzisha mchakato mpya, na hilo lina gharama. Ndiyo maana programu huweka akiba ya miunganisho: ombi linaazima mmoja, linausoma au kuandika, kisha linaurudisha. Usipobadilisha chochote, SQLAlchemy huruhusu 5, na 10 za ziada panapobana. Atakayekuta zote 15 zimeazimwa husubiri sekunde 30, kisha huambulia kosa.

Kuhifadhi kiti huchukua milisekunde chache tu, kwa hiyo 15 zingetosha kabisa. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Programu inaazima muunganisho, inafungua muamala, inaandika kiti, halafu, ikiwa bado imeushikilia, inatuma ombi la malipo ya simu na kumsubiri mteja aingize namba ya siri. Sekunde 10 zinapita hivyo. Wateja wawili kwa sekunde, kila mmoja kwa sekunde 10, wanahitaji miunganisho 20. Ipo 15. Foleni inakua kila sekunde, na anayetaka kuangalia ratiba tu anakwama humo humo pamoja na wanaolipa.

Hifadhidata yenyewe wakati huo haina kazi. Prosesa yake imetulia, jambo linalowapoteza wengi. Iulize hivi:

```sql
SELECT pid, now() - xact_start AS muda, query
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction';
```

Safu nyingi zenye muda wa sekunde kadhaa maana yake kuna miamala iliyoachwa wazi bila kazi.

Wengi hukimbilia kuongeza akiba. Ni nafuu ya muda, tena yenye hatari: kila nakala ya programu ina akiba yake, na PostgreSQL kwa kawaida huruhusu miunganisho 100 kwa jumla. Nakala nne zenye 30 kila moja zinaweza kuvuka kikomo hicho. Dawa ni kuandika kiti kama “kinasubiri malipo”, kufunga muamala, kurudisha muunganisho, ndipo ombi la malipo litumwe. Jibu likija, programu inaazima tena kwa milisekunde chache.

Ipo sababu nyingine inayofanana na hii: msimbo unaopata kosa katikati na kusahau kabisa kurudisha muunganisho. Hizi mbili hutofautishwa usiku. Wateja wakipungua, tovuti yenye miamala mirefu hupona yenyewe. Inayovujisha miunganisho hubaki imekwama mpaka programu izimwe na kuwashwa upya.