Besi Hugonga Mwanzoni mwa Noti

Piga uzi wa A wa gitaa la besi bila kuukandamiza popote. Utatetemeka mara 55 kwa sekunde, yaani 55 Hz, na hiyo ndiyo sauti yake ya msingi. Juu ya msingi huo uzi unatoa pia 110 Hz, 165, 220 na kuendelea, sauti ambazo wanamuziki huziita hamoniki. Hizo hazidumu sawasawa. Za juu hufa kwanza, nyingine hata kabla hujamaliza kuinua kidole, na za chini hubaki zikivuma. Ndiyo maana noti ya besi huanza kwa mgongo mkali, kisha inageuka mvumo mzito.

Tofauti hiyo kati ya mwanzo na mwili wa noti ndiyo inayowafanya watu waseme besi fulani "inagonga". Anayetengeneza besi kwenye sinthesaiza akilisahau hilo hukimbilia kuongeza sauti au kushusha noti chini zaidi. Spika zinatikisika, lakini besi bado inasikika kama mngurumo wa jenereta: ina uzito, haina kipigo. Dawa yake iko katika sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, na mtindo wa sinthesaiza unaofanya kazi kwa kupunguza sauti unaifikia kwa urahisi.

Mtindo huo ulienea kupitia Minimoog, chombo kilichotoka mwaka 1970 katika kampuni ya Robert Moog huko jimbo la New York. Sinthesaiza zilizotangulia zilikuwa makabati yaliyounganishwa kwa nyaya nyingi. Minimoog iliweka kila kitu ndani ya kinanda kimoja cha kubebeka: osileta tatu zinazozalisha mawimbi ya sauti, kichujio kinachokata sauti za juu, na envelopu zinazoamua mambo yabadilike vipi kadiri noti inavyoendelea. Mwaka 1977 Bernie Worrell wa kundi la Parliament alitumia chombo hicho, badala ya gitaa la besi, kupiga besi ya wimbo "Flash Light". Leo njia ileile imo ndani ya programu za kompyuta, zikiwemo za bure kama Surge XT na Vital. Tutengeneze besi moja hatua kwa hatua, kwa noti ileile ya A yenye 55 Hz.

Tunaanza na osileta. Wimbi la msumeno linatufaa kwa sababu lina hamoniki zote: ya pili ina nusu ya nguvu ya msingi, ya tatu ina theluthi, na kuendelea hivyo. Tunalihitaji liwe limejaa, kwa kuwa kichujio hakiwezi kuongeza kitu ambacho osileta haikutoa. Weka osileta ya kwanza kwenye msumeno wa 55 Hz. Ya pili iweke kwenye wimbi la mraba, oktavu moja juu, yaani 110 Hz, na sauti yake iwe kama nusu ya ile ya kwanza. Kisha ivute kidogo nje ya tuni, senti 5 hivi, ambazo ni sehemu ya ishirini ya nusutoni. Mvutano huo mdogo unaipa sauti uhai.

Kwa nini tusizivute nje ya tuni osileta mbili za 55 Hz, kama wengi wanavyofanya kwa sauti za juu? Kwa sababu mawimbi mawili yanayokaribia kulingana hujumlishana na kufutana kwa zamu. Misumeno miwili ya 55 Hz iliyoachana kwa senti 7 inachukua zaidi ya sekunde nne kumaliza zamu moja. Ndani ya muda huo kuna kipindi ambacho sauti ya msingi inakaribia kupotea kabisa. Utakisikia: noti tatu zinapiga vizuri, ya nne inakuja nyembamba kama imenyang'anywa tumbo, na wewe hujagusa chochote. Kwa hiyo ile ya chini kabisa ibaki peke yake, na michezo ya tuni ifanyike juu yake.

Sasa kichujio. Chagua kinachopitisha sauti za chini, chenye mteremko wa desibeli 24 kwa kila oktavu, ambao ndio mteremko wa kichujio cha Minimoog. Maana yake ni kwamba ukishavuka kikomo ulichoweka, kila mara mtetemo unapoongezeka maradufu, wimbi linabaki na takriban sehemu moja ya 16 ya kimo chake. Kitufe cha kikomo kimeandikwa Cutoff. Kishushe mpaka 110 Hz. Sauti itazibwa kama redio ya jirani inayosikika kupitia ukuta, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: huo ndio mwili wa noti, na kipigo hatujakiweka bado.

Pembeni pana kitufe cha Resonance, kinachokuza sauti zilizo karibu na kikomo. Kiache chini, kati ya asilimia 10 na 20. Katika vichujio vya aina ya Moog, kadiri unavyokipandisha ndivyo sauti za chini zinavyopungua. Unapata mlio wa kuvutia, lakini unapoteza uzito uliokuwa ukiutafuta.

Envelopu ya kichujio ndiyo inayotengeneza kipigo. Ina hatua nne. Attack ni muda wa kupanda hadi kilele, Decay ni muda wa kushuka, Sustain ni kiwango inapotulia wakati kidole bado kimekandamiza, na Release ni muda wa kuisha baada ya kuinua kidole. Weka Attack sifuri, Decay milisekunde 120 na Sustain sifuri. Kisha ipe nguvu ya kusukuma kikomo juu kwa oktavu tatu, ambazo kwenye Surge XT ni nusutoni 36. Sasa kila unapobonyeza noti, kikomo kinaruka kutoka 110 Hz hadi 880, kinaziachia hamoniki za juu, halafu kinashuka na kuzifunga moja baada ya nyingine. Uzi wa gitaa hufanya hivyo kwa maumbile yake. Sisi tumeufanyia hesabu.

Decay ndiyo inayostahili subira kuliko kitufe kingine chochote. Wimbi moja la 55 Hz huchukua milisekunde 18 hivi kukamilika. Ukiweka Decay ya milisekunde 20, kichujio kinafunga baada ya wimbi moja tu, na sikio linapata "tik" kavu isiyoshikana na noti. Ukiweka 500, mfunguko unakokota na kila noti inatoa "wau". Mahali pazuri mara nyingi ni kati ya 80 na 200, kutegemea mwendo wa wimbo. Katika biti ya mapigo 100 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 150. Ikiwa besi yako inacheza noti fupi kiasi hicho, Decay ya 120 inamaliza kazi yake kabla noti inayofuata haijaingia. Hata hivyo programu hazichori mshuko kwa namna moja, hivyo tarakimu ikufikishe jirani tu, sikio likumalizie.

Envelopu ya pili inatawala ukubwa wa sauti yenyewe. Hapa kuna kosa linaloua besi nyingi kimyakimya. Mtu ameiwekea Attack ya milisekunde 30 ili sauti iingie kwa ulaini. Lakini kichujio kinakuwa wazi kabisa mwanzoni hasa, wakati ambao sauti bado iko chini. Inapofika juu, kichujio kimekwisha kufunga sehemu kubwa. Kipigo kipo, ila kimepita wakati mlango wa sauti ulikuwa bado haujafunguka. Weka Attack ya milisekunde moja au mbili, Decay 250, Sustain asilimia 65 na Release 60. Ukisikia mlipuko mdogo mwanzoni, ongeza Attack kwa milisekunde moja moja. Ukiusikia mwishoni, ongeza Release.

Baada ya hapo cheza mstari mzima wa noti, maana besi inayogonga kwa noti moja inaweza kushindwa katika mfuatano. Angalia dalili mbili. Ya kwanza: noti ya mwanzo inagonga, zinazofuata zinateleza bila kipigo. Sababu ni noti zinazopandana. Katika Minimoog ya asili, ukibonyeza noti mpya kabla ya kuachia ya zamani, envelopu hazianzi upya. Kwenye Surge XT tabia hiyo huitwa Mono ST, na ukichagua Mono kila noti inaanza na envelopu yake. Unaweza pia kuiacha kama ilivyo na kufupisha noti unazotaka zigonge, ukizipandanisha zile unazotaka ziteleze. Wapiga Minimoog hutumia tofauti hiyo makusudi.

Dalili ya pili: noti ileile inagonga kwa nguvu tofauti kila mara. Hapo osileta zinazunguka bila kusimama, na kila noti inazikuta mahali tofauti pa wimbi. Washa kitufe cha Retrigger ili kila noti ianzie mahali pamoja. Osileta za Minimoog huzunguka huru, na wapo wanaopenda kutofautiana huko. Lakini kwa besi inayolazimika kushikana na dramu, usawa ni bora.

Mwisho, sikiliza kwenye simu. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa 55 Hz kwa kiwango cha maana, lakini sikio la binadamu lina uwezo wa kuubaini msingi kutokana na hamoniki zake: likisikia 165, 220 na 275 kwa pamoja, linaitambua noti ya 55. Tatizo la besi tuliyoitengeneza ni kwamba kipigo kikishapita, kichujio kinarudi 110 Hz na kuzifunga hamoniki hizohizo. Mwenye simu anasikia mgongo, kisha kimya. Rekebisha kwa kupandisha Cutoff hadi 200 Hz hivi, na upunguze msukumo wa envelopu hadi nusutoni 26 ili kilele kisihame sana. Kipigo kitapungua kidogo, kwa kuwa tofauti kati ya mwanzo na mwili wa noti imepungua. Wimbo utakaochezwa zaidi kwenye spika kubwa za ukumbini unaweza kubaki na 110. Ule utakaosikilizwa zaidi kwenye simu, 200 inaufaa zaidi.