Kibao, Ofisi, Matawi

Karatasi ya bei ilikuwa moja tu, imechapwa vizuri, mezani kwa studio ndogo ya kutengeneza tovuti jijini Dar es Salaam. Vifurushi vitatu: Shaba shilingi 400,000, Fedha 900,000, Dhahabu 3,000,000. Mama mwenye karakana ya kushona sare za shule aliipitia mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye Shaba. "Nipe hii ya chini, mwanangu. Nikijaliwa nitapanda."

Alichotaka ni walimu waone sare na watume oda. Shaba haikuwa na fomu ya oda. Alilipia kisichomfaa, na kosa halikuwa lake, bali la majina.

Shaba, fedha na dhahabu humwambia mteja nani wa kwanza na nani wa tatu, basi. Hayamwambii atapata nini. Kifurushi cha kati hapo ndicho kinachoumia zaidi, maana ni cha mshindi wa pili: hakina sifa ya ubora wala ya unafuu. Tena kwa Kiswahili "fedha" ni pesa, na mteja aliyeshika pochi hahitaji kukumbushwa.

Ilhali cha kati ndicho ambacho watu wengi hukiendea kikiwekwa vizuri. Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera za Minolta. Watu walipoonyeshwa mbili, moja ya dola 169.99 na nyingine ya dola 239.99, waligawanyika nusu kwa nusu. Kundi jingine likaongezewa ya tatu ya dola 469.99. Safari hii asilimia 57 walichagua ile ya dola 239.99, na iliyokuwa rahisi kuliko zote ikabaki na asilimia 22. Kamera ilikuwa ileile na bei ileile. Kilichobadilika ni majirani zake.

Sababu yake ni kwamba mnunuzi anatafuta neno la kujitetea. Akifika nyumbani mwenzake atamuuliza, "Mbona umechukua hiki?" Cha chini huenda kisitoshe, cha juu kitaonekana ubadhirifu. Cha kati kina jibu tayari, na kazi ya jina ni kumwekea jibu hilo mdomoni.

Kwa hiyo studio ile ilianza upya kutoka kwenye biashara ya mteja. Kifurushi cha kwanza kikaitwa Kibao: ukurasa mmoja wenye jina, picha, simu na ramani, kama kibao cha barabarani. Cha pili kikawa Ofisi: kurasa sita, bidhaa na bei zake, fomu ya oda na kitufe cha WhatsApp, yaani mahali mteja anapopokelewa na kuhudumiwa. Cha tatu kikaitwa Matawi: malipo kwa simu, lugha mbili, na kila tawi na ukurasa wake. Mwenye karakana akisoma hayo hahitaji kupandishwa. Anajiambia, "Mimi nina oda za kupokea, nahitaji ofisi." Sentensi hiyo haina majivuno wala haina aibu.

Bei nazo zilisogezwa: Kibao 450,000, Ofisi 800,000, Matawi 1,700,000. Dhahabu ya milioni tatu ilikuwa mbali mno. Mteja aliiona kama ya watu wengine, akabaki na viwili vya kulinganisha, na katika viwili rahisi huvutia. Katika jaribio la kamera, ya juu ilikuwa kama mara mbili ya ile ya kati, na ndivyo Matawi ilivyo kwa Ofisi. Lakini Matawi lazima iwe kazi ambayo studio inaiweza kweli. Siku mwenye maduka manne akiitaka, huwezi kumwambia ilikuwa pambo.

Kuna majina ya kuyaogopa. "Nafuu" humfanya mnunuzi aone haya. "Kamili" ni baya zaidi likiwekwa katikati: mwezi wa pili mteja atadai duka la mtandaoni bure, akisema, "Si uliniambia ni kamili?" Naye atakuwa na haki.

Kabla ya kuchapa, funika bei kwa karatasi na umpe mtu asiyejua mambo ya tovuti. Mwulize karakana ya sare ichukue kipi, na kinyozi mwenye kiti kimoja achukue kipi. Akiuliza "tofauti yake ni nini?", majina bado hayajafanya kazi.

Na kinyozi yule akija mwenyewe kuomba Ofisi kwa sababu tu iko katikati, mwambie Kibao kinamtosha.