Hatifungani Geuzi: Mkopo Unaoweza Kuwa Hisa

Wakazi wengi wanazijua hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Kenya. Mwananchi anaikopesha Serikali, analipwa riba kila miezi sita, na muda ukifika anarudishiwa pesa zake. Kampuni pia hukopa kwa njia hiyo. Lakini kuna aina moja ya hatifungani ambayo hutolewa na kampuni peke yake, kwa kuwa Serikali yenyewe haimilikiwi kwa hisa. Hiyo ni hatifungani geuzi.

Anayeinunua huanza akiwa mkopeshaji. Hulipwa riba kama mkopeshaji mwingine, lakini mkataba wake una kifungu cha ziada: anaruhusiwa kubadilisha deni lake liwe hisa za kampuni, kwa bei iliyokubaliwa siku ya kwanza. Akiligeuza, anaacha kuidai kampuni na anakuwa mmoja wa wenye kampuni. Hakuna kurudi nyuma.

Hesabu yake inavyokwenda

Chukulia kampuni inauza hatifungani geuzi ya shilingi 100,000 kwa muda wa miaka mitano, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hisa yake sokoni ni shilingi 20. Mkataba unasema bei ya kugeuza ni shilingi 25. Ukigawanya 100,000 kwa 25, unapata hisa 4,000. Idadi hiyo haibadiliki hata bei ya soko ikipanda au kushuka.

Miaka mitano ikiisha na hisa iko shilingi 35, hisa hizo 4,000 zina thamani ya shilingi 140,000. Mwekezaji atageuza. Ikiwa hisa imeshuka hadi shilingi 15, hisa hizo zitakuwa na thamani ya shilingi 60,000 tu. Hapo hatageuza, atabaki mkopeshaji na kudai shilingi 100,000 zake. Kwa maelezo haya mafupi, inaonekana kana kwamba hawezi kupoteza. Ndivyo wauzaji wengi wanavyoieleza.

Bei ya kuwa na chaguo

Haki ya kugeuza haitolewi bure. Mwekezaji huilipia kwa kupokea riba ndogo. Katika mfano huu, tuseme kampuni hiyo hiyo ingeuza hatifungani ya kawaida, ingelazimika kulipa asilimia 13. Tofauti ni asilimia 5, yaani shilingi 5,000 kila mwaka, au shilingi 25,000 kwa miaka mitano.

Kwa hiyo kuvuka bei ya shilingi 25 hakutoshi kumpa mwekezaji faida kuliko aliyenunua hatifungani ya kawaida. Hisa zake 4,000 zinatakiwa kufikia thamani ya shilingi 125,000 ili zifidie riba aliyoiacha. Hiyo ni bei ya shilingi 31.25 kwa kila hisa. Kutoka shilingi 20, hisa inahitaji kupanda kwa zaidi ya nusu, na hapo kodi bado haijahesabiwa. Mwekezaji mwangalifu hufanya hesabu hii kabla ya kusaini, kisha hujiuliza kama biashara ya kampuni hiyo inaweza kweli kukua kiasi hicho.

Anayehitaji pesa kabla ya muda

Ahadi ya kurudishiwa shilingi 100,000 ni ya siku ya mwisho ya mkataba. Anayelazimika kuuza mapema atapata bei ya soko. Ikiwa hisa imeanguka kiasi cha kugeuza kukosa maana, wanunuzi wataipima hatifungani hiyo kama mkopo mtupu unaolipa asilimia 8 wakati mikopo kama hiyo inalipa asilimia 13. Ikiwa imebaki miaka mitano kamili, thamani yake itakuwa karibu shilingi 82,000. Wataalamu huiita sakafu, kwa maana kwamba bei haitarajiwi kushuka chini yake.

Lakini sakafu hiyo imejengwa juu ya uwezo wa kampuni kulipa. Hisa zikianguka kwa sababu biashara yenyewe inayumba, soko huanza kutilia shaka deni pia, na sakafu huzama pamoja na hisa. Kinga hudhoofika wakati ule ule inapohitajika.

Kisa cha Transcentury

Hili si jambo la kinadharia. Kampuni ya uwekezaji ya Transcentury ya Nairobi iliuza hatifungani geuzi za dola milioni 80 hivi mwaka 2011. Mwaka huo huo, hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi kwa shilingi 50. Hatifungani hizo zilitakiwa kulipwa Machi 2016. Kufikia wakati huo hisa ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 10, kwa hiyo kugeuza hakukuwa na maana kwa wakopeshaji. Walitaka pesa zao, na kampuni haikuwa nazo. Baada ya mazungumzo, walikubali kupokea kiasi kidogo kuliko walichokuwa wakidai.

Funzo ni kwamba kampuni nyingi hukopa kwa njia hii zikitumaini kwamba wakopeshaji watageuza na deni litajifuta lenyewe. Hisa zisipopanda, deni lote huja siku moja. Ndiyo sababu mwekezaji huangalia kwanza kama kampuni ingeweza kulipa deni lote kwa pesa taslimu, hata kama hakuna mtu hata mmoja atakayegeuza.

Vifungu vya kutafuta kwenye waraka

Waraka wa mauzo huwa mrefu, lakini vifungu vinne ndivyo hubeba uzito mkubwa.

Kwanza, ni nani mwenye uamuzi wa kugeuza? Katika baadhi ya mikataba kugeuza ni lazima siku ya mwisho. Hapo ahadi ya kurudishiwa mtaji haipo, na mwekezaji hubeba hatari ya hisa zikishuka.

Pili, je, kampuni inaweza kuikomboa hatifungani mapema? Mara nyingi hupewa haki hiyo bei ya hisa ikipanda kupita kiwango fulani. Mwekezaji hulazimika kugeuza upesi au kupokea pesa zake na kuondoka, na riba aliyotarajia kwa miaka iliyobaki hukoma.

Tatu, itakuwaje kampuni ikigawa hisa zake? Kila hisa moja ikifanywa mbili, bei ya kila moja hupungua takriban kwa nusu. Mkataba mzuri hushusha bei ya kugeuza kutoka 25 hadi 12.50, ili mwekezaji apate hisa 8,000. Kifungu hicho kikikosekana, haki yake hupoteza thamani bila yeye kufanya lolote.

Nne, kampuni ikifilisika, nani hulipwa kwanza? Benki zenye dhamana ya ardhi au mitambo hutangulia. Wenye hatifungani geuzi kwa kawaida hawana dhamana, hivyo hufuata nyuma, ingawa wako mbele ya wenye hisa. Aliyekwisha kugeuza husimama mwisho wa foleni.

Kabla ya kulipa pesa yoyote, mwananchi anaweza kuuliza kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama mauzo hayo yameidhinishwa na kama wakala anayeyauza ana leseni. Asiyeonyeshwa waraka wa mauzo, au asiyeambiwa bei ya kugeuza kwa shilingi na senti, bado hajapewa taarifa za kutosha kuamua.