Njumu Ziulizwe Mwisho: Namna ya Kuupima Umri wa Mlango wa Nakshi

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, akasimama mbele ya mlango wa nakshi, aghalabu jicho lake huenda kwanza kwenye njumu, kwa kuwa shaba iliyosuguliwa hung'aa hata kivulini; na akisha kuzishika na kuzihesabu hujiona amekwisha kuujua mlango wote, kwamba ni wa kale, kwamba asili yake ni Bara Hindi, na kwamba aliyeuweka alikuwa mtu wa mali. Mimi humshauri njumu aziulize mwisho, kwani katika viungo vyote vya mlango hakuna kinachong'oka kwa wepesi, wala kinachorudishwa kwa wepesi, kama msumari wa shaba.

Sharti ifahamike kwanza kwamba mlango wa pwani si kitu kimoja bali ni viungo kadhaa vilivyokutanishwa: miimo miwili ya ubavuni, kizingiti cha chini, kizingiti cha juu ambacho ndicho hubeba nakshi bora na maandishi, kisha mbao mbili zifungukazo kwa ndani, na juu ya ubao mmojawapo umepigiliwa mfaa, ule mti wa katikati uzibao mwanya mbao zinapokutana. Mbao hizo, katika kazi ya zamani, hazina bawaba za chuma. Kila ubao una ncha juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa katika vizingiti. Miimo na vizingiti husimamishwa wakati ukuta unapojengwa, vikashikwa na mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa sababu hiyo kuling'oa umbo hilo zima ni kuuvunja ukuta, hali kuzitoa mbao na kutia nyingine ni kazi ya asubuhi moja. Basi mtu akiuliza mlango huu una miaka mingapi, jawabu la haki huwa ni swali jingine: unauliza kiungo kipi?

Nianzie kizingiti cha juu, kwa maana hapo ndipo wakati na nchi huonekana bila kificho. Milango ya Unguja iliyochongwa katika miongo ya mwanzo baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kisiwani aghalabu ina kizingiti kilichonyooka kama rula, nakshi zake ni maua ya duara na majani yaliyopangwa kwa utulivu, na mara nyingi pana ubao mwembamba wa maandishi ya Kiarabu juu yake. Baadaye, katika zama za Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye ujanani alikuwa amepelekwa Bombay uhamishoni, ladha ya mji iligeuka: kizingiti kikapindwa kikawa tao la nusu duara, mashina yakaanza kujisokota, maua yakajaa mpaka pasibaki mahali pa jicho kupumzika. Mtu akitaka kuona ladha hiyo ilipofika kileleni, na aitazame milango ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883. Siwezi kusema kwamba kila tao ni la baada ya 1870 na kila mstari ulionyooka ni wa kabla yake, kwani kizingiti kilichonyooka hakikuachwa kabisa. Walakini tao likidaiwa kuwa la karne ya kumi na nane, mdai ndiye mwenye kuleta ithibati.

Upande mwingine upo mlango wa Kigujarati, ambao haukusudii kuusifu ukoo bali kuilinda bidhaa. Mbao zake zimegawanywa kuwa vyumba vidogo vya mraba kwa vipande vinene vinavyopishana, na katika kila makutano ya vipande hivyo hukaa njumu; huu ndio mlango uliozoea njumu tangu asili, na ndio uliowafunza wengine. Ile hikaya kwamba njumu ziliwekwa kuzuia ndovu wasisukume milango yaweza kuwa na msingi wake huko Hindi, lakini Unguja hapakuwa na ndovu wa kuogopwa, na njumu za hapa, nyingi zikiwa butu au zina ncha ndogo iliyokaa juu ya kitako kilichochongwa kama ua, ni pambo na cheo tu.

Ukienda kaskazini, Lamu, Pate na Siyu, mkono unabadilika. Nakshi hazichimbwi kwa kina mpaka jani litokeze kama linataka kuchumwa, bali hukatwa juu juu, mistari na maduara na maua ya petali, na ukiinama karibu mara nyingine utakiona kitone katikati ya ua, palipokaa mguu wa bikari ya fundi. Mlango wa namna hii aghalabu hauna njumu, au unazo chache, na mti wake mara nyingi ni mbambakofi wa pwani yenyewe, hali huku Unguja msaji uliovuka bahari uliweza kununuliwa na matajiri. Basi mlango wenye nakshi nyembamba za kaskazini uliojaa njumu kubwa zilizolingana sawasawa hunitia shaka mara moja, si kwa kuwa ni muhali, bali kwa kuwa yaelekea mtu amezitia baadaye ili kumridhisha mnunuzi.

Sasa nitwae mlango mmoja niutazame kwa tafsili. Uko Unguja, katika nyumba ya ghorofa iliyogeuzwa kuwa makazi ya wageni, na mwenyewe aliniambia kwa yakini kwamba ni wa mwaka 1205 wa Hijra, kwa maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye kizingiti. Hesabu ya kugeuza mwaka wa Hijra haina taabu: gawa mwaka huo kwa 33, jibu ulitoe katika mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Kwa 1205 mgawanyo ni kama 36 na nusu, na baada ya kutoa na kuongeza tunafika karibu na 1790. Lakini kizingiti kile kilikuwa tao la nusu duara, mizabibu imesokotana mpaka pembeni, na mwaka 1790 ni miaka zaidi ya arubaini kabla Sayyid Said hajafanya Unguja kuwa kiti chake. Nakshi na tarakimu zilikuwa zikikanushana, na yapaswa kuulizwa ipi kati yake ina uwezo wa kudanganya.

Tarakimu ndiyo huweza, kwa sababu ya rangi. Katika maandishi ya Kiarabu, mbili na tatu zina umbo moja isipokuwa jino: mbili ina pengo moja kichwani, tatu ina mapengo mawili. Mlango uliopakwa mafuta na rangi tabaka juu ya tabaka hujaa katika mapengo hayo, na tatu ikasomeka mbili bila mtu yeyote kukusudia uongo. Kadhalika sifuri ni nukta tu, ikizibika hutoweka na mwaka ukabaki na tarakimu tatu, na tano, iliyo duara, husomwa sifuri na mtu aliyezoea tarakimu za Kizungu. Kwa ruhusa ya mwenyewe tulilainisha rangi pale kwa kitambaa na dawa ya kutolea rangi, kisha tukaisukuma nje kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu, maana kisu hukata pengo jipya na kuzua ushahidi. Pengo la pili likatoka. Mwaka ni 1305, ambao ulianza Septemba 1887 na ndani yake alifariki Sayyid Barghash. Tofauti ya jino moja ni miaka tisini na saba, na tao limepata zama zake.

Hata hivyo mwaka huo ni ushahidi wa kizingiti tu. Miimo ilikubaliana nacho: mpako uliyoishika ulikuwa wa chokaa, haukuwa wa saruji, na ule mkufu wa nakshi unaopanda ubavuni ulipita kutoka mwimo hadi tao bila kukatika mahali pa kiungo. (Wako waonyeshao mkufu huo wageni na kuwaambia kwamba mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa, mimi sijaona sababu ya kuliamini pambo ambalo hupatikana kwenye milango ya kila namna ya watu.) Mbao ndizo zilizoleta mgogoro, nami nikaomba kuingia ndani nizitazame kwa nyuma, mahali ambapo hakuna fundi anayejipamba.

Nyuma ya ubao wa kushoto palikuwa na makovu ya tezo, mafupi, hayalingani, na ncha za misumari ya njumu zilikuwa zimetokeza na kukunjwa zikazama katika mti. Nyuma ya ubao wa kuume palikuwa na mikwaruzo ya upinde, yote ya kipimo kimoja, nayo huachwa na msumeno wa duara wa mashine; na kila njumu iliishia katika parafujo na nati yake. Nje zote zilifanana kwa macho ya mbali. Nikazigonga kwa ukucha: za kushoto zilitoa sauti nzito, kwa kuwa zilisubiwa katika kalibu na ndani zimejaa shaba; za kuume zililia kama kifuniko cha kopo, kwa kuwa ni bati la shaba lililokandamizwa na mashine. Za kushoto hazikuwa sawa kabisa kwa ukubwa, na ncha zake zilikuwa zimelika kwa miaka ya kusuguliwa kwa ndimu na majivu, hata mti uliozizunguka ukafifia kuwa duara jeupe. Za kuume zilikuwa na duara hilo pia, lakini ukubwa wake ulikuwa sawasawa katika kila njumu, na ulipolowanishwa weupe ule uliondoka na kitambaa.

Njumu tatu za upande wa kushoto zilikuwa ngeni vilevile. Tulipoifungua mojawapo, chini yake pakaonekana tundu kuu la zamani lenye madoa meusi ya kutu ya chuma na kutu ya kijani ya shaba, kisha ndani yake kijiti kipya kilichopigiliwa ili parafujo ishike. Tundu la namna hiyo nalithamini kuliko njumu iliyoliziba, kwani lathibitisha kwamba hapo palikuwa na njumu ya asili, na kwa kupima umbali wa matundu hayo mtu anaweza kujua safu zilikuwa ngapi kabla ya marekebisho.

Basi kibandiko cha maelezo kilichokuwa kimeandaliwa kwa wageni, kikiuita mlango huo wa karne ya kumi na nane, tulikiandika upya: kizingiti na miimo, 1305, yaani 1887 au 1888; ubao wa kushoto na mfaa wake, yaelekea ni wa wakati huohuo; ubao wa kuume, kazi ya juzi; njumu, za zama mbili. Mwenyewe alilalamika kidogo kwamba maelezo yamekuwa marefu, kisha akaniuliza kama yule seremala aliyemtengenezea ubao wa kuume angeweza kupatiwa zile njumu za kusubu. Nikamwambia wasubu shaba wapo, ila akizipata amwombe seremala azipige muhuri wa mwaka kwa nyuma.