Nani Huamua Volti Kati ya Mabamba Mawili?

Chukua mabamba mawili bapa ya alumini, kila moja sentimita 30 kwa 30, uyasimamishe yakitazamana, pengo kati yao milimita 4. Bamba moja liunge kwenye ncha hasi ya betri ya volti 12, jingine kwenye ncha chanya. La kwanza tulihesabu kuwa volti 0, la pili volti 12. Sasa ndani ya pengo lile, mahali pasipo na waya wala chuma, katikati kabisa, pana volti ngapi?

Mwanafunzi wa kidato cha tano atajibu 6, na atakuwa amepata. Milimita 1 kutoka bamba la sifuri ni volti 3, na milimita 3 ni volti 9. Lakini muulize kwa nini iwe hivyo, kwa nini volti zisipande taratibu mwanzoni kisha zikaruka ghafla mwishoni, na mara nyingi atakutajia fomula aliyoinakili ubaoni: E = V/d. Fomula hiyo haijibu swali. Yenyewe ni matokeo ya jambo lingine, na anayelijua jambo hilo hujua pia ni wapi fomula itamdanganya.

Jambo lenyewe ni mlinganyo wa Laplace, uliopewa jina la Mfaransa Pierre-Simon Laplace, ambaye katika karne ya 18 aliutumia kuchunguza nguvu za uvutano za sayari. Baadaye ikaonekana kwamba umeme uliotulia unaufuata uleule, ilimradi mahali penyewe pasiwe na chaji. Huandikwa hivi: ∇²V = 0. Kwa mabamba yetu tunasogea upande mmoja tu, kutoka bamba hadi bamba, kwa hiyo unapungua na kuwa:

d²V/dx² = 0

Herufi V ni potenshali, yaani kazi inayotakiwa kuisogeza chaji ya kulombu moja kutoka bamba la sifuri hadi mahali unapopazungumzia. Uga wa umeme, yaani nguvu inayoisukuma chaji hiyo, si kitu kingine ila ukali wa mteremko wa potenshali. Mahali potenshali inapopanda haraka, uga ni mkubwa, na mahali isipopanda kabisa, uga ni sifuri.

Sasa fikiria kipande chembamba cha hewa ndani ya pengo, sambamba na mabamba. Uga unaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Kitu pekee kinachoweza kuuongeza au kuupunguza njiani ni chaji iliyomo ndani ya kipande hicho, nasi tumesema hakuna chaji. Basi kilichoingia ndicho kitakachotoka. Na kwa kuwa hali ni hiyo kwa kila kipande, uga ni uleule kuanzia bamba hadi bamba. Mteremko usiobadilika ni mstari ulionyooka. Hayo ndiyo yote ambayo mlinganyo ule mfupi unasema.

Ila mistari iliyonyooka haina idadi. Mlinganyo unatupa V = Ax + B, na A na B zinaweza kuwa namba zozote. Hapo ndipo masharti ya mpakani yanapoingia. Sharti la kwanza: x ikiwa 0, V ni 0. Kwa hiyo B ni 0. Sharti la pili: x ikiwa meta 0.004, V ni 12. Kwa hiyo A ni 12 gawanya kwa 0.004, yaani volti 3,000 kwa kila meta. Jibu limepatikana, nalo ni moja tu. Mtu akidai analo jibu jingine linalotimiza masharti yaleyale mawili, toa lake kwenye letu. Tofauti yake nayo lazima iwe mstari ulionyooka, na tena iwe sifuri kwenye mabamba yote mawili. Mstari ulionyooka wenye sifuri ncha zote mbili ni sifuri tupu, kwa hiyo majibu yale mawili ni jibu lilelile.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike: pengo lenyewe halina uamuzi wowote. Mipaka miwili imeshaamua kila kitu.

Upo upande wa pili wa mlinganyo huu unaoweza kuufuata kwa kalamu na karatasi, bila kalkulasi. Katika pengo letu, kusema d²V/dx² ni sifuri ni sawa na kusema kwamba potenshali ya kila nukta ni wastani wa jirani zake wawili walio umbali sawa. Basi andika nukta tano zilizoachana milimita moja moja: 0, kisha tatu usizozijua, kisha 12. Zile tatu zikisie vyovyote, hata ukiweka sifuri tupu:

0, 0, 0, 0, 12

Kila moja ya zile tatu ibadilishe iwe wastani wa jirani zake, zote kwa mkupuo mmoja, kwa kutumia namba za mstari uliotangulia. Mabamba usiyaguse, kwa sababu betri imeyashika. Utapata 0, 0, 0, 6, 12. Rudia: 0, 0, 3, 6, 12. Rudia: 0, 1.5, 3, 7.5, 12. Tena: 0, 1.5, 4.5, 7.5, 12. Tena: 0, 2.25, 4.5, 8.25, 12. Endelea hivyo na namba zitazidi kukaribia 0, 3, 6, 9, 12, kisha zitatulia. Ukianza na makisio mengine kabisa, hata volti 100 katikati, zitaishia palepale. Njia hii ya kurudiarudia wastani ndiyo kompyuta hutumia, kwa nukta nyingi zaidi, pale umbo la vyuma linapokuwa gumu kiasi kwamba hakuna fomula ya kuandika.

Jibu likishapatikana, yapo mengine yanayofuata. Uga wa volti 3,000 kwa meta unamaanisha kwamba nyuso za mabamba zimebeba chaji: zidisha uga huo kwa 8.85 × 10⁻¹², kisha kwa eneo la bamba, ambalo ni meta za mraba 0.09, upate takriban nanokulombu 2.4. Ni elektroni zipatazo bilioni 15 zilizozidi kwenye bamba hasi na kupungua kwenye bamba chanya. Kipo na kikomo. Hewa ya kawaida huvumilia takriban volti milioni 3 kwa meta, kwa hiyo pengo letu la milimita 4 lingepigwa cheche karibu na volti 12,000. Cheche ikipita, hewa ina chaji, na mlinganyo wa Laplace hautumiki tena.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, usichomeke ncha ya multimita hewani kati ya mabamba. Kipimo cha aina hiyo huhitaji mkondo kidogo ili kisome, na hewa haitoi mkondo huo. Tumia maji. Maji ya bomba yaliyotulia kwenye beseni la plastiki lenye pembe nne hupitisha mkondo kidogo, na potenshali ndani yake hufuata mlinganyo uleule wa Laplace. Simamisha vipande viwili vya alumini kwenye ncha mbili za beseni, vienee upana wote hadi kugusa kuta, viachane sentimita 24, na maji yawe na kina cha sentimita moja hivi. Viunge kwenye transfoma ndogo inayotoa volti 12 za mkondo geu, na kamwe usiviunge moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Multimita iwekwe kwenye AC, ncha moja ibaki kwenye chuma cha sifuri, nyingine uitumbukize majini wima ukifuata rula. Kila sentimita 2 inapaswa kuongeza volti moja.

Wengi hutumia betri kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, kisha wanashangaa matokeo. Kwa betri, vyuma vinaanza kutoa viputo. Maji yanachanganuliwa kwenye nyuso zake, na sehemu ya volti hupotea papo hapo. Ukichora grafu utaona kitu cha ajabu: katikati mstari umenyooka vizuri, lakini haulengi 0 upande mmoja wala 12 upande wa pili. Mlinganyo haujakosea. Masharti ya mpakani ndiyo uliyoyadhania vibaya, kwa sababu maji yaliyo karibu na chuma hayana tena volti za chuma. Mkondo geu, unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, hupunguza sana tatizo hilo.

Kosa la pili ni la kingo. Badilisha vipande vya alumini, weka vifupi visivyofika kwenye kuta za pembeni, visogeze ndani ili maji yawazunguke pande zote. Sasa V haitegemei x peke yake, na karibu na ncha za vipande mistari ya volti sawa inapinda kuelekea nje. Kulitambua hilo kunahitaji uangalifu. Mtu akitembeza kipimo kwenye mstari wa katikati kabisa, atasoma 6 kuanzia ndani hadi nje na kusema hakuna kilichobadilika. Ni ulinganifu tu huo: nusu moja ya beseni ni kinyume kamili cha nyingine. Pima kwenye mstari wa robo. Kati ya vipande utasoma karibu 3, na ukipita ncha zake kwenda pembeni, namba itapanda kuielekea 6. Hapo E = V/d imeshakoma kusema kweli. Kwa mabamba yetu ya hewani, yenye pengo la milimita 4 na upana wa sentimita 30, ukiingia ndani ya ukingo kwa umbali wa mapengo mawili hivi, athari hiyo hutaiona. Ndiyo maana kitabu huthubutu kuipuuza.

Na pengo likiwa na chaji iliyosambaa ndani yake je? Mfikirie mtu anayevuta kamba ya kuanikia nguo ikakaza hadi ikanyooka, kisha akaanika blanketi zito. Kamba haiwezi kubaki imenyooka. Potenshali nayo hupinda, ila chaji chanya huivimbisha juu badala ya kuishusha. Mlinganyo wa hali hiyo ulitolewa na Siméon Denis Poisson mwaka 1813: pale penye sifuri pakawekwa chaji, d²V/dx² = −ρ/ε₀. Kwa hiyo grafu iliyopinda kati ya mabamba mapana ni ushahidi. Kama umehakikisha volti za mabamba yenyewe, hewa ni ileile kotekote, nawe hauko karibu na kingo, lakini katikati bado unapata 7 badala ya 6, basi mna chaji mle ndani.

Walimu wa fizikia, beseni, maji na transfoma ya volti 12 vinatosha kwa kipindi kimoja. Waacheni wanafunzi wachore grafu kabla ya kuandikiwa fomula yoyote, na mkiwapa vipande vifupi, waagizeni wapime kwenye robo.